Safu Iliyo Tupu katika Daftari la Maktaba

Ingia katika maktaba ya shule ya sekondari, utakuta mezani kauntabuku lenye majina ya walioazima vitabu. Limeandikwa kwa bidii tangu Januari. Lakini muulize mwalimu wa maktaba ni vitabu vingapi viko nje leo, na vingapi vimepitisha siku, uone atakavyohangaika. Mistari mingine imekatwa kwa kalamu, mingine imekatwa nusu, na pembeni mwa mingine pameandikwa "kaleta" bila tarehe wala sahihi. Kila kitu kimeandikwa, ila swali la mwalimu halijibiki.

Kasoro ya kwanza huwa ni kuandika jina la kitabu pekee. Tuseme shule ina nakala 20 za riwaya ya Emmanuel Mbogo, Watoto wa Mama Ntilie. Ukiandika jina tu, mwanafunzi mmoja akirudisha nakala hutajua ni mstari upi wa kufunga. Kwa hiyo kila nakala hupewa namba yake siku inapopokelewa, ikaandikwa ndani ya jalada na katika rejesta ya vitabu vyote vya maktaba. Hapa nakala zetu ni namba 1184 hadi 1203. Anayeazima haazimi riwaya ile kwa ujumla, anaazima 1190, na ndiyo hiyo anayodaiwa.

Safu za daftari hazihitaji kuwa nyingi: namba ya kitabu, jina lake, jina la mwanafunzi, kidato na mkondo, tarehe ya kuazima, tarehe ya mwisho ya kurudisha, tarehe kilipopokelewa, na sahihi ya mpokeaji. Safu ya tarehe ya kupokelewa ndiyo roho ya daftari. Ikiwa tupu, kitabu kiko nje. Kitabu kikirudi, andika tarehe na utie sahihi mbele ya mwanafunzi mwenyewe, na usikate mstari. Mstari uliokatwa hauonyeshi ni nani aliyeukata, na kiranja wa maktaba mwenye rafiki mdaiwa ana kalamu kama wewe.

Sasa tarehe ya mwisho. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaazima namba 1190 Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025. Muda ni siku 14, kwa hiyo anatakiwa akirudishe tarehe 17 Machi. Tarehe hiyo inaandikwa mahali pawili, katika daftari na kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa ndani ya kitabu, ili asije akasema hakujua. Akiomba kuongezewa siku, usifute tarehe ya zamani. Funga mstari wa kwanza, fungua mwingine mpya.

Muda wa siku 14 uwe mmoja kwa wote, na hapa ndipo walimu wengi wanapoharibu. Huyu anapewa siku tatu, yule mwezi, mwingine "mpaka utakapomaliza". Muda ukiwa mmoja, tarehe za mwisho hufuatana kwenye ukurasa kwa utaratibu uleule wa tarehe za kuazima, na hutafuti kitu: unashuka na kidole hadi tarehe ya jana, na kila mstari uliopita wenye safu tupu ni kitabu kilichochelewa. Ukichanganya muda, kila wiki utasoma daftari zima. Vitabu vya kiada vinavyogawiwa kwa mwaka mzima viwe na daftari lao, visiingie humu. Na siku 14 zikiangukia likizo, tarehe ya mwisho irudishwe nyuma, iwe kabla ya shule kufungwa.

Orodha ya waliochelewa itolewe siku moja ya wiki, tuseme Ijumaa. Tarehe 21 Machi, namba 1190 imechelewa siku nne na inaingia orodhani. Ipange orodha kwa mikondo, kisha kila mwalimu wa darasa apewe kipande chake, kwa sababu yeye ndiye anayemwona mtoto kila asubuhi. Kusoma majina mstarini mbele ya shule nzima huleta vicheko zaidi ya vitabu. Faini ya fedha nayo siipendi: mtoto asiye na hela hukificha kitabu ili deni lisionekane. Kumzuia asiazime kingine mpaka arudishe cha kwanza kunatosha kwa wengi.

Kabla ya kumbana anayesema "nilirudisha, mwalimu", nenda rafuni kwanza. Mara nyingine kitabu kimerudishwa na kupangwa, na aliyesahau kujaza safu ni mpokeaji. Kikipatikana, funga mstari kwa tarehe ya siku hiyo na uandike "kimekutwa rafuni".

Shule yenye kompyuta inaweza kufanya kazi hii kwenye Excel. Tuseme tarehe ya mwisho iko safu F na ya kupokelewa safu G. Fomula hii huonyesha siku za kuchelewa:

```
=IF(AND(F2<>"",G2="",F2<TODAY()),TODAY()-F2,"")
```

Ina mtego mmoja. Tarehe ikichapwa kwa namna ambayo kompyuta haiitambui, huhesabiwa kuwa maneno tu, na Excel huyachukua maneno kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Kitabu hicho hakitaonekana kimechelewa hata miaka ikipita. Utakitambua kwa macho: tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto, kama hukubadilisha mpangilio.

Vinabaki visivyorudi kabisa. Daftari la kuazimisha linajua vitabu vilivyopita mezani tu, kwa hiyo peke yake halitoshi. Mwisho wa mwaka vihesabu vitabu vyenyewe. Katika nakala zetu 20, rafuni zimekutwa tisa, na daftari lina mistari saba iliyo wazi. Jumla ni 16. Nakala nne hazipo rafuni wala daftarini.

Zile saba zina wenyewe. Tano ziko kwa wanafunzi ambao bado wapo, na watafuatwa. Mbili ziko kwa Kidato cha Nne, na hao wanatakiwa wakaguliwe kabla ya mtihani wa mwisho wa Novemba, maana baada ya karatasi ya mwisho hutawaona tena. Aliyekubali kupoteza alete nakala nyingine, nayo ipewe namba mpya. Namba ya zamani haifutwi wala haipewi kitabu kingine. Mbele yake katika rejesta huandikwa "imepotea", tarehe, na jina la aliyeidhinisha. Katika shule ya serikali kitabu ni mali ya umma, na mwalimu wa maktaba hawezi kuidhinisha hilo peke yake.

Zile nne hazidaiwi kwa mtu. Zilitoka bila kuandikwa, na mahali pa kwanza pa kuzitafuta ni makabati ya ofisi ya walimu, kwa kuwa mwalimu anayebeba vitabu kumi kwenda navyo darasani mara nyingi hatii sahihi. Zikikosekana huko, tatizo ni mlango na zamu ya mezani. Shule inayogawanya gharama za nakala hizo kwa darasa zima inawadai watoto deni ambalo daftari lake lenyewe haliwezi kulithibitisha, na mzazi anayepelekewa dai la namna hiyo ana haki ya kuomba aonyeshwe mstari wenye jina la mwanawe.