Uvundo wa Mashine ya Kufulia: Chanzo Chake na Namna ya Kuuondoa

Mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele huweza kutoa uvundo, yaani ile harufu nzito ya nguo mbichi zilizofungiwa mahali pasipopita hewa, hata pale ambapo dramu yake inang'aa. Sababu ni kwamba ndani ya mashine hiyo mna vyombo viwili, kimoja kikiwa ndani ya kingine: dramu ya chuma yenye matundu, ambayo huzungusha nguo, na tangi lililoizunguka, ambalo ndilo linaloshika maji. Upande wa dramu unaoonekana husuguliwa na nguo katika kila ufuaji, ilhali upande wake wa nyuma pamoja na kuta za tangi havisuguliwi na chochote, na huko ndiko uchafu unakojijenga pasipo mtu kuuona.

Uchafu huo ni utando wa vijidudu, yaani tabaka lenye utelezi ambalo bakteria na kuvu hulitengeneza juu ya sehemu yenye majimaji ili wajishikize na kujikinga. Chakula chao ni mafuta ya ngozi, nyuzi za nguo na mabaki ya sabuni, na mazoea matatu huwalisha na kuwalinda. La kwanza ni kufua daima kwa maji ya nyuzijoto 30 au chini ya hapo, kwa kuwa mafuta hayayeyuki vema katika maji ya baridi, kama ijulikanavyo na kila aliyewahi kuosha sahani ya pilau bila maji ya moto. La pili ni kutumia sabuni ya maji peke yake, ambayo kwa kawaida haina kiambato cha kung'arisha kinachotoa oksijeni, tofauti na baadhi ya sabuni za unga, na kiambato hicho ndicho kinachoua sehemu ya vijidudu. La tatu ni kuzidisha sabuni na dawa ya kulainisha nguo, ambayo huacha tabaka lenye asili ya mafuta juu ya mpira na plastiki. Penye maji ya kisima yenye chumvichumvi nyingi, kama ilivyo katika sehemu kadhaa za mwambao, gamba la chokaa hujiongeza juu ya hayo na kuupa utando mahali pa kushika.

Mpira wa mlango, ambao ni pete nene inayoziba nafasi kati ya tangi na mlango ili maji yasivuje, ndiyo sehemu inayoathirika mapema zaidi. Mpira huo una mkunjo, na sehemu ya chini ya mkunjo hubaki na maji baada ya kila ufuaji. Mashine nyingi zina vitundu vidogo hapo chini ili maji hayo yarudi ndani ya tangi, lakini nywele na manyoya ya nguo huviziba. Mtu akiuvuta mkunjo huo kwa vidole na kupitisha kitambaa cheupe ndani yake, mara nyingi kitambaa hutoka na ute wa kijivu, vijiwe au kishikizo cha shati, na mpira wenyewe huonekana una madoa meusi ya ukungu.

Kabla ya kusafisha, inafaa kuhakikisha kwamba harufu haitoki kwenye bomba la majitaka. Ikiwa inafanana na ya choo kuliko ya nguo mbichi, na hubaki vilevile hata baada ya mpira na droo ya sabuni kuoshwa, yaelekea mpira wa kutolea maji umesukumwa ndani mno ya bomba, au bomba halina kona ya kushika maji ambayo huzuia hewa chafu kurudi. Tatizo hilo ni la fundi bomba, na sabuni yoyote haitalitatua.

Ichukuliwe mfano wa mashine ya kilo 7 ambayo kwa muda mrefu imefua kwa maji ya baridi na kufungwa mlango mara tu nguo zinapotolewa. Kazi huanza kwa kuchomoa waya wa umeme, kisha kufungua chujio la pampu, ambalo kwa kawaida limo nyuma ya kijimlango cha chini mbele ya mashine. Beseni lisilo na kina huwekwa chini yake, na kifuniko hulegezwa polepole, kwa kuwa maji yaliyobaki hutoka kwa wingi na huweza kufurika sakafuni. Chujio likishasafishwa na kufungwa tena kwa kukazwa, droo ya sabuni huchomolewa na kusuguliwa kwa mswaki wa zamani, pamoja na tundu lake la ndani, hasa dari yake, ambapo utando mweusi hupenda kuning'inia.

Ndipo mpira husafishwa, na hapa mpangilio una maana kubwa: utando huondolewa kwanza kwa kusugua, na dawa ya kuua vijidudu hufuata, kwa sababu dawa inayomwagwa juu ya ute huishia kwenye tabaka la juu na kuwaacha walio chini wakiwa hai. Mkunjo wote huoshwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni, na vitundu vya chini huzibuliwa kwa kijiti. Kisha mililita 100 za dawa ya klorini ya kufulia, ile ya nyumbani yenye nguvu ya takriban asilimia 3.5, huchanganywa na lita moja ya maji ya baridi, na vitambaa vilivyolowekwa humo huingizwa mkunjoni kwa dakika 10 hivi. Mikono huvikwa glavu na madirisha huachwa wazi. Hatimaye mpira hufutwa kwa maji safi mara kadhaa, waya wa umeme huchomekwa tena, na mashine huzungushwa ikiwa tupu katika mpango wa kusuuza.

Hatua ya mwisho ni kuufikia utando wa tangi. Gramu 100 za unga wa kung'arisha wenye oksijeni, au kipimo kamili cha sabuni ya unga yenye kiambato hicho, huwekwa ndani ya dramu tupu, na mashine hufua katika nyuzijoto 60 au zaidi. Vipande vyeusi vikitoka na maji, au vikibaki kwenye dramu, ni dalili kwamba utando umeanza kubanduka, na mzunguko hurudiwa mpaka maji yatoke safi.

Klorini isichanganywe kamwe na siki, maji ya limau wala dawa yoyote ya kuondoa gamba la chokaa, kwa kuwa asidi hutoa kutoka kwenye klorini gesi inayochoma mapafu. Anayehitaji kuondoa gamba hilo kwa asidi ya sitriki na afanye hivyo siku nyingine.

Madoa meusi yaliyopenya ndani ya mpira huweza kubaki hata baada ya vijidudu kufa, na doa lisilo na harufu wala ute halina madhara. Lakini mpira uliopasuka, ulioanza kunata au unaovujisha maji hubadilishwa. Uvundo ukirudi baada ya wiki chache licha ya mizunguko kadhaa ya maji ya moto, utando wa tangi umekuwa mnene kupita uwezo wa sabuni, na fundi atalazimika kulifungua. Ili hali hiyo isifikiwe, mkunjo wa mpira hukaushwa kwa kitambaa baada ya ufuaji wa mwisho wa siku, mlango na droo huachwa wazi kidogo pale ambapo watoto wadogo hawawezi kuingia ndani ya dramu, na ufuaji mmoja wa nyuzijoto 60 kwa sabuni ya unga hufanywa kila mwezi.