Kazi za mtandaoni: jiulize kwanza pesa iko wapi

Tangu tulipozungumzia kazi za kuandika na kutafsiri kwa Kiswahili kwenye mtandao, swali linalojirudia kwenye simu za wasikilizaji ni hili: nitajuaje kama mteja ni wa kweli? Wengi huangalia picha ya mteja au Kiingereza chake. Hivyo havisaidii sana. Cha kuangalia ni pesa iko wapi kabla hujaanza kazi.

Tuchukue mfano wa dada aliyeko kijijini Ludewa, mwenye akaunti Upwork, tovuti inayokutanisha wateja na wafanyakazi. Anaona tangazo la kusikiliza sauti za Kiswahili na kuziandika, malipo dola 600, takriban shilingi milioni moja na nusu. Anaomba. Baada ya dakika chache anajibiwa: "Umepata. Meneja wetu yuko Telegram, mtafute huko."

Hapo ndipo pa kusimama. Upwork hairuhusu mteja kukuhamishia WhatsApp au Telegram kabla hamjafunga mkataba ndani ya tovuti. Mkishaanza mkataba, kuongea kwa simu au video ni jambo la kawaida, lakini malipo yanabaki ndani. Tapeli anakutoa nje kwa sababu ndani kila neno lake linahifadhiwa, na akiripotiwa anafungiwa. Huko nje, ukidhulumiwa, tovuti haina mkataba wa kuusimamia.

Dada yetu anakwenda Telegram. Anapewa "jaribio": sauti ya dakika 40. Anayejua kazi hii hutumia kama saa nne kuandika saa moja ya sauti, kwa hiyo hapo kuna karibu saa tatu za kazi. Kwa anayeandika kwa simu inaweza kuwa siku nzima. Jaribio la kweli ni la dakika moja au mbili za sauti, kiasi cha kuonyesha kwamba unasikia vizuri na unajua kuandika. Mwenye sauti ya saa nne akiwagawia waombaji sita dakika 40 kila mmoja, amemaliza kazi yake bila kulipa hata senti. Mwambie utafanya dakika mbili za mwanzo bure, zilizobaki mkataba ukifunguliwa. Mteja mwenye nia atakubali au atalipia jaribio. Tapeli hukasirika, au hunyamaza kabisa.

Anamaliza, anatuma. Meneja anamsifu, kisha anamtumia picha ya skrini: dola 600 zimeingia kwa jina lake, ila "zimeshikiliwa" mpaka alipe shilingi 45,000 za kufungua akaunti. Akilipa, kesho inakuja "kodi", keshokutwa "ada ya benki". Picha kama hiyo mtu huitengeneza kwa dakika tano.

Sasa linganisha na njia halali. Kwa kazi ya bei moja, mteja huweka pesa Upwork kwanza, tovuti inaishikilia, na wewe unaona kwenye mkataba wako neno `Funded`. Usipoliona, usianze. Ukishawasilisha kazi mteja ana siku 14 za kuikagua, na akikaa kimya muda huo ukapita, pesa inaachiwa kwako. Ni kweli Upwork yenyewe huuza tiketi za kuombea kazi ziitwazo `Connects` na hukata ada yake, lakini hayo ni kati yako na tovuti. Mteja hadaiwi kukuomba chochote: si ya usajili, si ya mafunzo, si ya kutoa pesa.

Wapo pia wanaojifanya kulipa kwa simu. Unapata ujumbe kwamba umepokea shilingi 350,000, halafu bosi anapiga: "Nimezidisha kimakosa, nirudishie laki mbili haraka." Usihesabu pesa kwa kusoma ujumbe. Kwa M-Pesa ya Vodacom piga `*150*00#` uangalie salio lako mwenyewe. Kama halijabadilika, hakuna kilichoingia cha kurudisha, hata alie vipi.

Kama umeshatuma, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, saa hiyo hiyo, kwa sababu ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni vigumu mno. Usifute mazungumzo. Nenda nayo polisi ukachukue RB, namba ya tapeli iripoti TCRA kupitia 15040, na tangazo lake liripoti kwenye tovuti ulikolikuta, maana usiku huo huo huenda linasomwa na mwingine.