Ruta ya Laini (2): Kufuli Lililo Ndani ya Kadi

Sehemu ya kwanza ilihusu uchaguzi wa ruta, leo tunaiwasha. Laini huchomekwa ruta ikiwa imezimwa, kisha ruta huwashwa na kusubiriwa taa ya mtandao iwake. Jina la Wi-Fi na nywila yake vimeandikwa kwenye kibandiko cha chini. Ukishaunganisha simu, fungua kivinjari uandike anwani iliyo kwenye kibandiko hichohicho. Kwa ruta nyingi za Huawei ni 192.168.8.1. Wengi huingia hapo, wakabadili jina na nywila, wakaona wamemaliza. Mimi nasema hapo wamefunga nusu tu, kwa sababu ruta hizi zina kitufe kidogo cha kurejesha mipangilio ya kiwandani. Akikibonyeza mtu kwa sekunde kadhaa, jina na nywila ulivyoweka hufutika, na vile vya kibandiko hurudi. Namba ya siri ya laini, yaani PIN, haifutiki, maana haikai ndani ya ruta bali ndani ya kadi yenyewe.

Kwa hiyo mimi hufunga kote kuwili, nikianza na nywila ya kuingilia ukurasa wa mipangilio, kwa kuwa ruta nyingi huonyesha humo meseji zinazoingia kwenye laini, zikiwamo zenye namba za uthibitisho. Halafu jina na nywila ya Wi-Fi vibadilishwe kwa pamoja, la sivyo vifaa vyote vya nyumbani vitakatika mara mbili. Nywila isipungue herufi 8, ingawa 12 ni bora, na jina lisitaje familia wala namba ya nyumba. Mwisho ni PIN, yenye tarakimu 4 hadi 8. Ili kuiwasha utaulizwa PIN iliyopo sasa, ambayo mara nyingi huchapishwa kwenye kipande cha plastiki kilichobeba laini. Usibahatishe: ukikosea mara tatu, kadi hujifunga.

Kuna watakaouliza, umeme ukikatika kila jioni, nani atakuwa anaingiza PIN? Hoja ni ya haki, lakini ruta nyingi zina chaguo la kuikumbuka PIN na kuiingiza zenyewe zikiwaka. Kwa chaguo hilo, PIN haimzuii mwizi aliyebeba ruta nzima kutumia bando lako. Inachozuia ni yeye kuhamishia kadi kwenye simu yake na kupiga au kupokea meseji kwa laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole. Wengine wanaogopa kusahau. Kadi ikijifunga hufunguliwa kwa PUK, namba ya tarakimu 8 ambayo nayo huwa kwenye kile kipande cha plastiki au hutolewa na kampuni ya simu baada ya kukutambua. Hiyo ikikosewa mara 10 kadi haifunguki tena, na itabidi uende dukani na kitambulisho ukapewe kadi mpya yenye namba ileile.