Unanunua fremu Ihanda? Usikubali bei mbili

Wauzaji wenzangu, mzigo umeanza kujaa chumbani, wateja wa WhatsApp wanauliza duka liko wapi, na wewe umeshaona kiwanja chenye fremu barabarani hapo Ihanda. Dalali anasema milioni 12. Halafu anaongeza kwa sauti ya chini: "Kwenye mkataba tutaandika milioni 6, tupunguze kodi."

Kabla hujaitikia, tupige hesabu. Huu ni mfano tu, na tuseme kiwanja kimepimwa na kina hati.

Mnunuzi ndiye kwa kawaida anayelipa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani. Kwa milioni 12 ni shilingi 120,000. Unalipa TRA kwa namba ya malipo, ndani ya siku 30 tangu mkataba usainiwe. Ukichelewa kuna adhabu, na mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi.

Muuzaji naye analipa kodi ya ongezeko la mtaji. Watu wengi wanakosea hapa: kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, siyo ya bei. Tuseme alinunua kwa milioni 5, akajenga fremu kwa milioni 2, na vielelezo vyote anavyo. Faida yake ni milioni 5, kodi ni 500,000. Kama hana kumbukumbu zozote za gharama, kiwango ni asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa milioni 12 ni 360,000.

Baada ya hapo kuna ada za kuhamisha umiliki: kibali, usajili na gharama ya mthamini. Hizi waulize ofisi ya ardhi ya halmashauri kabla hujafunga bei, wakupe makadirio kwa maandishi. Fomu utakazokutana nazo ni namba 29, 30 na 35. Na bila cheti cha TRA kwamba kodi ya muuzaji imelipwa, msajili hahamishi hati. Kwa hiyo ile kauli ya "mimi nataka hela ya mkononi, kodi utajua mwenyewe" maana yake ni kwamba bei yako siyo milioni 12. Ni 12 na laki 5, jumlisha stempu, jumlisha ada. Kama ndivyo mnavyokubaliana, sawa, ila iandikwe kwenye mkataba nani analipa nini.

Sasa turudi kwa dalali na milioni 6 zake. Kwenye karatasi muuzaji anaonekana kapata hasara, maana gharama zake ni milioni 7. Kodi yake inakuwa sifuri, kaokoa 500,000. Wewe umeokoa 60,000 ya stempu. Baada ya miaka mitano unauza kwa milioni 15. Faida yako ya kweli ni milioni 3, kodi 300,000. Lakini mkataba wako unasema ulinunua kwa 6, kwa hiyo faida inahesabiwa milioni 9 na kodi ni 900,000. Ile laki 5 aliyokwepa mwenzako umeibeba wewe, na nyongeza juu. Na kama dili likivunjika kesho, utamdai kwa karatasi gani zile milioni 6 nyingine?

Tena ujanja wenyewe mara nyingi haufiki mbali. Mthamini anakuja kuangalia, akisema thamani ni milioni 12, stempu inapigwa kwenye 12.

Kibanja cha migomba na kahawa ni habari nyingine. Stempu ya shamba la kilimo ni shilingi 500 tu, siyo asilimia 1. Muuzaji hatozwi kodi ya ongezeko la mtaji kama thamani ya soko haifiki milioni 10 na pamelimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyopita. Nyumba aliyoimiliki na kuishi miaka mitatu au zaidi nayo ina msamaha, mradi faida isizidi milioni 15. Lakini fremu ya duka haimo humo, hata kama nyuma yake kuna migomba kumi.

Ardhi ya kijiji inapita kwa halmashauri ya kijiji, siyo kwa mwenyekiti peke yake nyumbani kwake. Ukiambiwa utoe "asilimia 10 ya kijiji", omba uoneshwe imeandikwa wapi, na omba risiti. Mimi nimeona bei ikishuka ghafla baada ya swali hilo moja.

Mkataba wa kununulia na risiti za mabati, saruji na fundi, vipige picha leo na ujitumie kwenye barua pepe. Karatasi ya risiti ya mashine hufifia na kufutika yenyewe, na siku ya kuuza ndiyo utakayoitafuta.