Ekskaveta ya zamani iuzwe lini, mpya inunuliwe lini?

Mkandarasi wa Tanzania anayeuza ekskaveta yake kwa milioni 90 anaweza kuona hasara kwenye hesabu zake za kawaida, huku Mamlaka ya Mapato ikiona faida. Zote mbili ni kweli.

Tuseme aliinunua kwa milioni 200. Mhasibu wake anaigawa kwa miaka minane sawasawa, hivyo baada ya mitatu vitabu vinasema imebaki milioni 125. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina mwendo wake: mitambo ya ujenzi na ya kuchimba udongo iko kundi la kwanza, na kila mwaka hukatwa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Baada ya miaka mitatu kikodi imebaki kama milioni 48.8 tu. Akiuza kwa milioni 90 mwaka wa nne, na hana kingine kwenye kundi hilo, ziada ya milioni 41.2 inaingizwa kwenye mapato yake. Kampuni ikitozwa asilimia 30, hiyo ni kodi ya takriban milioni 12.4. Wengi huilalamikia, ingawa kwa kweli serikali inajirudishia punguzo la uchakavu ililokuwa imetoa kwa kasi kuliko mtambo ulivyochakaa.

Sasa anataka mpya ya milioni 160. Kama mwaka wake wa hesabu unaishia Desemba, akisubiri Januari analipa kwanza hizo milioni 12.4, ndipo mwaka unaofuata akate uchakavu wa milioni 60. Akinunua na kuanza kuitumia kabla ya Desemba kwisha, hesabu inakwenda kwa kundi zima: 48.8 jumlisha 160, toa 90, zinabaki 118.8. Hakuna ziada, na anakata uchakavu wa milioni 44.6 mwaka huohuo. Kodi haijafutwa, maana uchakavu wa miaka ijayo utakuwa mdogo zaidi, lakini fedha inabaki mkononi wakati inapohitajika. Kwa kampuni yenye hasara mwaka huo ningesubiri tu. Ziada itamezwa na hasara.

Bei ikiwa mbovu, tuseme milioni 30, mambo yanageuka. Asiye na mtambo mwingine kwenye kundi anaruhusiwa kukata pengo lote la milioni 18.8 kwa mkupuo, nafuu ya kodi ya milioni 5.6. Mwenye mitambo mingine hapewi kitu siku ya mauzo: zile 18.8 zinabaki ndani ya kundi, na mwaka wa kwanza zinampa uchakavu wa milioni 7 tu. Hata pikapu ya kazi iko kundi hilohilo, kwa hiyo anayedhani ameuza mtambo wake wa mwisho aangalie kwanza kama pikapu bado imo kwenye jedwali lake la uchakavu.