Mkataba Umekwisha, Siri Bado

Katika ofisi nyingi za mawakili, mikataba ya kutunza siri hulala kwenye majalada hadi siku mteja anapopiga simu: "Ile kampuni tuliyozungumza nayo mwaka juzi, tunaruhusiwa kuwaonyesha wengine michoro yake?" Mwenye kujibu haraka ni msaidizi wa wakili mwenye rejista nzuri.

Safu za wahusika ndizo nyepesi, ingawa nazo zina mtego. Jina huandikwa kama lilivyosajiliwa, pamoja na namba ya usajili. Kwa kampuni ya Tanzania Bara huhakikiwa BRELA. Jina la biashara lililo kwenye bango la duka halitoshi. Huandikwa pia nani anatoa siri na nani anaipokea, au kama wote wawili wanapeana.

Kazi yenyewe imo kwenye muda. Chukua mfano wa kubuni: upande mmja umetia saini 12 Machi 2024, mwingine 20 Machi, na mkataba unasema unaanza kutumika kwa saini ya mwisho. Utadumu miaka 2. Karani mwenye haraka ataandika "unakwisha 20 Machi 2026" na kufunga jalada. Lakini kurasa mbili mbele, kifungu kingine kinasema wajibu wa kutunza siri utaendelea miaka 3 baada ya mkataba kwisha. Kwa hiyo mteja bado amefungwa mdomo hadi 20 Machi 2029, na rejista inahitaji safu mbili za tarehe. Pengine miaka hiyo huhesabiwa tangu kila taarifa ilipotolewa; hapo hakuna tarehe moja ya kuandika, bali kanuni yenyewe na namba ya kifungu. Siri za kibiashara mara nyingi hutengwa, zilindwe maadamu bado ni siri.

Kosa la pili ni kuchanganya ruhusa na msamaha. Mkataba ukiruhusu kumwonyesha mhasibu, benki au mahakama iliyotoa amri, taarifa inabaki kuwa siri. Anayeonyeshwa naye kwa kawaida hufungwa na masharti, na kabla ya kutii amri ya mahakama mara nyingi mwenye siri hutakiwa kuarifiwa, sheria ikiruhusu. Msamaha ni jambo jingine: taarifa iliyokwisha kujulikana hadharani, iliyokuwa mikononi mwa mpokeaji tangu awali, aliyoipata kihalali kwa mtu mwingine, au aliyoibuni mwenyewe, haihesabiwi kuwa siri kabisa. Ukiziweka zote kwenye safu moja, mteja anaweza kudhani kwamba alichompa mhasibu sasa ni cha kila mtu.

Na pale mkataba usiposema kitu, iandikwe "haukutaja". Kisanduku kitupu hakionyeshi kama kifungu hakipo au msomaji alikiruka.