Tiketi ya Mwisho Haina Mwenyewe

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012, soko la hisa la New York lilipofunguliwa, kompyuta za kampuni ya Knight Capital zilipokea maagizo 212 ya wateja na kuanza kuyatekeleza bila kukoma. Katika muda wa dakika 45 maagizo hayo yalizaa miamala zaidi ya milioni 4, na kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 460.

Aliyefanya hayo alikuwa mfu. Kipengele kiitwacho Power Peg kiliacha kutumika mwaka 2003, lakini msimbo wake uliachwa kwenye seva. Mwaka 2005 sehemu iliyokuwa ikihesabu hisa ili kujua agizo limekamilika ilihamishiwa kwingine, na hakuna aliyepima kama Power Peg bado ingejua kusimama. Mwaka 2012 wahandisi walichukua swichi iliyokuwa ikiwasha Power Peg, wakaitumia kuwasha kipengele kipya. Msimbo mpya ukafika kwenye seva saba kati ya nane. Kwenye ile ya nane, swichi ilimwamsha marehemu.

Ndiyo maana timu makini hazizimi kipengele kwa kuficha kitufe tu. Hufungua tiketi kuu katika daftari lao la kazi, iwe Jira au Bugzilla, na chini yake tiketi ndogo tatu: kuwaarifu watumiaji, kufuta data, kuondoa msimbo. Kila moja ina mwenyewe, na imeandikwa ni ipi inayoisubiri.

Tuseme programu ya simu ya wenye maduka iliwaruhusu kupiga picha za risiti na kuzihifadhi, na sasa huduma hiyo inafungwa. Tiketi ya taarifa hutaka tarehe moja isiyoyumba, ujumbe ndani ya programu kwenyewe (barua pepe wengi hawafungui), na njia ya kupakua picha zote kwa mkupuo. Google walipoifunga Google Reader walitangaza tarehe 13 Machi 2013, wakazima tarehe 1 Julai, na bado wakaacha mlango wa kupakua data wazi hadi tarehe 15 Julai. Wiki hizo mbili za mwisho ni za yule anayesoma tangazo siku kitu kinapotoweka, na huyo hakosekani. Jambo moja husahaulika: kupokea picha mpya kuzimwe mapema kuliko kuzitazama, la sivyo mtu ataweka leo risiti itakayofutwa kesho.

Tiketi ya data ndiyo yenye mitego. Picha hazikai mahali pamoja. Jedwali la hifadhidata lina orodha yake tu. Mafaili yenyewe yako kwenye ghala jingine, na nakala nyingine ziko kwenye chelezo za kila usiku. Ukifuta jedwali kwanza, umeichoma ramani: mafaili yanabaki yatima, na hujui tena lipi ni la nani. Kwa hiyo mafaili hutangulia, jedwali hufuata. Chelezo nazo, kama huhifadhiwa siku 30, zitakuwa na picha hizo siku 30 zaidi. Tiketi isifungwe siku ya kufuta. Ibaki wazi hadi chelezo ya mwisho iishe muda. Mtu akirejesha mfumo kutoka chelezo ya zamani kabla ya hapo, kila kilichofutwa kitafufuka, na kazi itaanza upya.

Na kabla ya kutoa amri hii,

```
DROP TABLE picha_risiti;
```

msimbo wowote unaosoma jedwali hilo uwe umeshaondolewa kwenye seva zote. Ukisalia mmoja, tuseme ripoti ya mwisho wa mwezi, utaanguka siku ripoti inapotakiwa. Kwa hiyo tiketi ya msimbo, ingawa huandikwa ya tatu, sehemu yake hutangulia ya pili.

Kinachosalia baada ya hapo ni vitu visivyomuuma mtu: swichi, tafsiri za maneno, majaribio, njia ya seva inayopokea maombi. Hiyo njia haifutwi mara moja, kwa kuwa kuna simu zenye toleo la zamani ambazo wenyewe hawatalisasisha. Seva huzijibu `410 Gone`, nalo toleo la zamani liwe limefundishwa mapema kuonyesha ujumbe wa kueleweka badala ya kuganda.

Hapa ndipo tiketi nyingi hulala. Hakuna mteja anayelalamika, na meneja ameshatangaza kuwa huduma imefungwa. Kujua kama kazi imeisha ni rahisi kuliko kuimaliza:

```
git grep -n picha_risiti
```

Amri hiyo isiporudisha mstari hata mmoja, huangaliwa seva moja moja, hadi ya nane.